Ploti ya mjini au shamba la nje ya manispaa: gharama zinazofuata bei

Mpwa wangu na mkewe walikuja kwangu wakiwa na akiba ya shilingi 4,350,000 na karatasi mbili za dalali. Ya kwanza ilikuwa ploti ya hamsini kwa mia kule Kisauni, Mombasa, bei milioni 4. Ya pili ilikuwa shamba la ekari nne upande wa Shimba Hills, Kwale, bei milioni 4 vilevile. Walikuwa wanabishana juu ya udongo, maji na umbali wa shule, na hesabu ya pesa wao waliona imekwisha. Bei ni moja, sasa kuna nini tena?

Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya wakili nikishughulikia mafaili ya uhamisho wa ardhi, na najua bei ndiyo sehemu ya hesabu isiyomsumbua mtu. Kinachomkwamisha mnunuzi ni zile asilimia zinazokuja baada ya bei. Nilichukua karatasi, nikachora mstari katikati, Kisauni kushoto na Shimba Hills kulia. Nitawaonyesha hesabu ilivyokwenda. Sheria ni ya Kenya. Mfano ni wa Pwani, lakini ukiwa Nakuru au Kisumu hesabu ni ileile.

Mpaka wa manispaa ndio unaoamua

Kodi kubwa inayomhusu mnunuzi mwenyewe ni ushuru wa stempu. Ardhi ikiwa ndani ya manispaa unalipa asilimia 4 ya thamani, ikiwa nje ya manispaa asilimia 2. Watu wengi wanadhani kinachoangaliwa ni matumizi, kwamba ukikuta mahindi na mbuzi basi hiyo ni asilimia 2. Sivyo. Mahindi yakiwa ndani ya mpaka wa manispaa, ni 4. Nyumba ya ghorofa ikiwa nje ya mpaka, ni 2.

Kwa Mombasa swali hili halina kazi, kwa sababu kaunti nzima ni mji, kutoka Likoni hadi Kisauni. Shida iko kwa majirani zetu wa Kwale na Kilifi. Diani ni manispaa, Malindi ni manispaa, mji wa Kilifi ni manispaa, na mipaka yake haiishii pale unapoona maduka yameisha. Unaweza kusimama kwenye shamba la minazi, huoni hata nguzo ya stima, na bado uko ndani ya manispaa. Kwa hiyo dalali akikwambia "hapa ni rizavu, ushuru ni kidogo," mwombe wakili athibitishe kwa namba ya ploti kabla hujaweka asilimia 2 kwenye bajeti. Kwenye shamba la milioni 4, kukosea mpaka ni pengo la shilingi 80,000. Shamba la mpwa wangu tulilithibitisha: liko nje.

Hapo Kisauni ikawa 160,000 na Shimba Hills 80,000. Lakini hiyo ni hesabu ya kwanza tu, kwa sababu ushuru hautozwi lazima kwa bei mliyokubaliana.

Mthamini wa serikali hajali mlivyopatana

Ukishapeleka hati ya uhamisho ili itozwe ushuru, mthamini wa serikali hutoa thamani yake. Ikiwa ya kwake ni kubwa kuliko bei yenu, unalipa ushuru kwa ile ya kwake. Ikiwa bei yenu ndiyo kubwa, unalipa kwa bei yenu. Yaani serikali huchukua iliyo juu, na punguzo uliloling'ang'ania kwa muuzaji halimhusu.

Huko mjini, ambako ploti jirani zimeuzwa juzijuzi na barabara imepita, thamani ya mthamini mara nyingi hupanda juu ya bei ya mtu aliyeuza kwa haraka. Muuzaji wetu wa Kisauni alikuwa na haraka. Nikamwambia mpwa wangu aweke kwenye bajeti thamani ya milioni 4.6, si 4. Asilimia 4 ya hiyo ni 184,000. Ongezeko lilelile la laki sita lingetokea shambani, lingemgharimu 12,000 tu badala ya 24,000, kwa kuwa asilimia ni nusu. Kwa hiyo mjini uwekee ushuru nafasi ya kupumua. Shambani bei mliyoelewana kwa kawaida inatosha kuanzia hesabu.

Kuna wauzaji watakaokushauri njia ya mkato: "Tuandike milioni 2.5 kwenye mkataba, wewe unipe milioni 4, sote tuokoe." Ukiangalia vizuri anayeokoa ni yeye. Mthamini atakuja na thamani yake hata hivyo, kwa hiyo ushuru wako haupungui. Mkikosana na mkataba ukavunjika, pesa unayoweza kudai kwa maandishi ni milioni 2.5. Na siku utakapouza wewe, faida yako itahesabiwa kuanzia milioni 2.5, kwa hiyo utatozwa kodi juu ya milioni moja na nusu ambayo hukuifaidi. Faili za namna hii nimeziona zikirudi ofisini miaka kadhaa baadaye, na hazirudi na furaha.

Kodi ya muuzaji inayojificha kwenye bei yako

Hapa ndipo ulinganisho wetu ulipogeuka, na ndipo watu wengi hawaangalii kabisa.

Muuzaji wa ardhi Kenya hulipa kodi ya faida ya mauzo ya mali. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, kutoka asilimia 5 ya zamani. Ni kodi ya muuzaji, sheria iko wazi. Lakini tangu ipande, kumezuka msemo sokoni: "Mimi nataka milioni nne zangu safi mkononi." Safi maana yake ni kwamba kodi yake ulipe wewe. Na kwa kuwa uhamisho hausajiliwi mpaka hiyo kodi ishughulikiwe, mnunuzi aliyekwisha kulipa amana anajikuta amebanwa: alipe, au faili ikae.

Muuzaji wa Kisauni aliinunua ile ploti kwa milioni 1.5. Akiuza milioni 4, faida kavu ni milioni 2.5, na asilimia 15 yake ni 375,000. Linganisha na ushuru wa stempu wa 184,000 tuliokuwa tukiuhangaikia. Neno moja "safi" kwenye mazungumzo lina uzito wa ushuru wa stempu mara mbili.

Sasa tuhamie kulia kwa mstari. Shamba la ukulima la mtu binafsi, la ekari chache, lililo nje ya manispaa na nje ya mji uliotangazwa, limesamehewa kodi hii. Muuzaji wa Shimba Hills ana ekari 11 kwa jumla na ni mkulima, kwa hiyo hana kodi ya faida ya kukusukumia. Akisema "milioni nne zangu safi" anasema ukweli mtupu, kwa maana hakuna cha kukatwa. Mpaka wa manispaa umefanya kazi mara mbili: umepunguza ushuru wa mnunuzi, na umeondoa kabisa kodi ya muuzaji.

Misamaha mingine miwili inafaa kuijua mnunuzi, kwa sababu inakusaidia kumjibu muuzaji anayelialia. Mtu binafsi akiuza ardhi ambayo thamani ya uhamisho haizidi milioni 3, hatozwi. Na mtu akiuza nyumba aliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuuza, hatozwi. Basi kama unamnunulia mzee nyumba yake ya miaka ishirini kule Changamwe, na anakwambia uongeze laki tatu za kodi, mwambie kwa adabu: "Mzee, nyumba uliyokuwa ukikaa haina hiyo kodi, tumuulize wakili pamoja." Nusu ya mara huwa hajui. Nusu nyingine anajua.

Wakili: asilimia ambayo haishuki

Ada ya wakili katika mauziano ya ardhi imepangwa kwa kiwango cha sheria. Kwa mali isiyozidi milioni 5 ni asilimia 2, na haishuki chini ya shilingi 35,000. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, na hiyo ndiyo husahauliwa. Kwa milioni 4 ni 80,000, VAT 12,800, jumla 92,800. Ni sawa mjini na shambani, kwa hiyo haitusaidii kuchagua, lakini inakula akiba.

Kuna wanaotaka kumtumia wakili wa muuzaji ili waokoe. Mimi sikushauri, hasa Pwani ambako hati mbili juu ya ploti moja si hadithi ya kutunga. Na ukinunua fleti kwa kampuni ya ujenzi, soma kipengele cha gharama mara mbili. Kampuni nyingi huandika kwamba mnunuzi analipa wakili wake na wa kwao pia, halafu kuna hisa kwenye kampuni ya kusimamia jengo, amana ya mita za maji na stima, na malipo ya huduma ya miezi kadhaa kabla hujahamia. Fleti ya milioni 6 inaweza kuwa na milima midogo ya namna hiyo ambayo ploti haina.

Yale madogo, na mgawanyo usio mdogo

Ada za serikali za kufanya sachi, kusajili uhamisho na mihuri ni ndogo. Mimi huziwekea fungu moja na nauli na fotokopi, elfu 15, na mara nyingi hubaki chenji. Sorveya wa kuthibitisha bikoni ni jambo lingine. Kwenye ploti ya hamsini kwa mia tuliweka 25,000. Tulipokwenda Kisauni bikoni tatu zilionekana, ya nne sorveya aliichimbua chini ya kichaka cha mkwaju, nusu mita ndani ya ukuta wa jirani. Bora kujua hilo kabla ya kulipa asilimia 4 ya ardhi ambayo sehemu yake ni ya mtu mwingine kwa ukuta.

Shambani gharama hii hukua, na sababu ni mgawanyo. Muuzaji ana hati moja ya ekari 11 na anakuuzia nne. Lazima sorveya apime, achore mgawanyo, ramani irekebishwe, hati mpya zitoke. Kwa desturi na kwa haki hii ni kazi ya muuzaji, maana ndiye anayepasua hati yake. Kwa vitendo wauzaji wengi wa vijijini hawana hiyo pesa kabla hujawalipa, na mnunuzi huishia kuitoa. Tuliiweka 70,000 pamoja na kuthibitisha bikoni. Ukiitoa wewe, iandikwe kwenye mkataba kwamba inakatwa kwenye salio la bei. Maneno ya chini ya mwembe husahaulika.

Halafu kuna bodi. Ardhi ya ukulima haiwezi kuhama bila kibali cha bodi ya ardhi ya eneo, na penye mgawanyo kuna kibali cha mgawanyo na kibali cha uhamisho. Ombi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali, mauziano ni batili na unachobaki nacho ni haki ya kudai pesa yako irudi. Ada ya bodi yenyewe si kubwa. Gharama ni muda: bodi hukaa siku zake, mke wa muuzaji anatakiwa afike, watoto wakubwa wa muuzaji wanaweza kusimama wakasema "baba hatukubali," na kikao kikaahirishwa. Tuliweka 20,000 kwa bodi, usajili na safari za Kwale. Ploti ya mjini isiyo ya ukulima haina bodi, ila ikiwa ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka 99 itahitaji idhini ya uhamisho na cheti kwamba kodi ya ardhi imelipwa. Kwa kila ploti ya mjini pia dai cheti cha kaunti kwamba reti zimelipwa. Malimbikizo ya reti ni deni la muuzaji, na nimeona ploti za Mombasa zenye reti ambazo hazijalipwa tangu enzi za baraza la manispaa.

Ukiwa na uraia wa nchi nyingine pekee, upande wa kulia wa karatasi futa. Katiba inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa ukodishaji usiozidi miaka 99 tu, na shamba la ukulima kwa kawaida halimfikii. Ndugu zetu walio Ulaya na Ghuba wenye uraia wa Kenya, hata kama wana pasipoti mbili, hawana shida hiyo.

Karatasi ilivyosomeka

| | Ploti, Kisauni | Shamba, Shimba Hills |
|---|---|---|
| Bei | 4,000,000 | 4,000,000 |
| Ushuru wa stempu | 184,000 | 80,000 |
| Wakili pamoja na VAT | 92,800 | 92,800 |
| Sorveya (na mgawanyo) | 25,000 | 70,000 |
| Bodi, usajili, sachi, safari | 15,000 | 20,000 |
| Jumla ya nyongeza | 316,800 | 262,800 |
| Kodi ya muuzaji ikisukumwa kwako | 375,000 | 0 |

Ukiitazama safu ya nyongeza tu, tofauti ni 54,000, na kwa mtu anayetaka kujenga aishi mjini hiyo si sababu ya kukimbilia Shimba Hills. Akiba ya 4,350,000 inatosha kwa zote mbili: Kisauni inabaki 33,200, Shimba Hills inabaki 87,200. Lakini ukiongeza mstari wa mwisho, Kisauni inakuwa 4,691,800, na akiba imepungukiwa na laki tatu na nusu hivi. Kwa hiyo swali la mpwa wangu halikuwa mjini au shamba. Lilikuwa: muuzaji wa Kisauni anaposema milioni nne, anamaanisha milioni nne zipi?

Msemo wa mtaani kwamba "weka asilimia kumi juu ya bei" si mbaya kwa mjini, ikiwa muuzaji analipa kodi yake. Kwa Kisauni yetu ilitoka karibu asilimia 8, na ile mbili iliyobaki ni ya kumsubiri mthamini akiamka vibaya. Kwa shamba la nje ya manispaa asilimia 7 inatosha.

Njia ya tatu aliyoleta mkewe

Mke wa mpwa wangu ni mtu wa Majengo, akauliza: "Mjomba, na nyumba bila ardhi je? Kuna moja inauzwa milioni moja na laki mbili." Asiye mtu wa Pwani huenda hajui. Mombasa kuna maelfu ya nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Unamiliki kuta na mabati, na unamlipa mwenye ardhi kodi ya kila mwezi au mwaka.

Kwa upande wa kodi nyumba hii inaonekana tamu. Hakuna hati ya ardhi inayosajiliwa kwa jina lako, kwa hiyo hakuna asilimia 4 ya kulipia uhamisho wa ardhi, hakuna bodi, hakuna bikoni. Unaandika mkataba kwa wakili, unampelekea mwenye ardhi, naye anataka chake ili akubadilishie jina kwenye kitabu chake. Hicho "chake" hakina jedwali la serikali. Ni anachosema yeye, na unatakiwa kukijua kabla ya kumlipa mwenye nyumba hata senti. Mwombe aandike pia kodi yake mpya itakuwa kiasi gani, kwa sababu wengine huipandisha siku hiyo hiyo jina linapobadilika.

Ushuru ni mdogo kwa sababu unachonunua ni kidogo. Benki haitaipokea kama dhamana. Mwenye ardhi akiuza kwa tajiri, unaanza mazungumzo upya na mtu usiyemjua. Kwa mtu anayetaka kuishi karibu na kazi kwa bajeti ya milioni moja, bado nimeona familia zilizokaa vizuri vizazi vitatu. Kwa mtu mwenye milioni 4 anayetaka kitu cha kumrithisha mtoto, sikumshauri.

Nani anasamehewa, na nani anadhani amesamehewa

Mkewe alikuwa na karatasi nyingine kwenye simu: "Mnunuzi wa nyumba ya kwanza halipi ushuru wa stempu." Ni kweli nusu. Msamaha ni wa anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Ploti ya Kisauni kwa mtu binafsi, hata kama ni ya kwanza maishani mwako, haimo. Uhamisho kati ya mume na mke umesamehewa pia, kwa hiyo wakiamua baadaye kuongeza jina la mwenzake hawatalipa asilimia 4 tena. Hilo liliwatuliza, maana walikuwa wameanza ugomvi mwingine wa jina la nani litangulie.

Anayenunua kwa mkopo aongeze mstari. Rehani yenyewe ina ushuru wa asilimia 0.1 ya mkopo, kwa mkopo wa milioni 3 ni 3,000 tu, hauumi. Kinachouma ni kwamba wakili wa benki, mthamini wa benki na ada ya kushughulikia mkopo vyote ni vyako, na kwa kawaida benki haikukopeshi pesa za ushuru wa stempu. Hizo lazima ziwe taslimu, zako, siku zinapohitajika.

Siku zenyewe

Bajeti ya gharama hizi si kiasi tu, ni na tarehe. Sachi na sorveya hulipwa kabla ya kutia saini chochote, na ndiyo pesa pekee unayokubali kuipoteza ukigundua jambo baya. Siku ya mkataba hutoka amana, kwa desturi asilimia 10, hapa 400,000, na ni salama ikikaa kwa mawakili badala ya kwenda moja kwa moja kwa muuzaji. Nusu ya ada ya wakili hutoka siku hiyo. Mkataba wa kawaida huwapa siku 90 kukamilisha, na kwa shamba lenye mgawanyo mimi huomba zaidi, kwa sababu ya bodi.

Ushuru wa stempu hulipwa kupitia iTax ya KRA kwa kutumia PIN ya mnunuzi na ya muuzaji. Unapata namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Hati iliyotiwa saini ina siku 30 za kutozwa ushuru, ukizidisha kuna adhabu, kwa hiyo hati ya uhamisho isisainiwe mapema na kuwekwa kabatini. Na usilipe mpaka wakili awe ameshika mkononi hati halisi ya umiliki, vibali, vyeti vya reti na kodi ya ardhi, nakala za PIN na picha za muuzaji. Kurudishiwa ushuru wa mauziano yaliyovunjika ni safari ndefu kuliko ya kuulipa.

Dalali naye. Kawaida analipwa na muuzaji, lakini wetu alikuwa ameshaanza kumwita mpwa wangu "boss" na kuzungumzia chai ya pande zote mbili. Tukamwambia tangu mapema kwamba chai ya upande huu ni ya kunywa kwenye kikombe.

Wiki iliyofuata tulikwenda kumwona muuzaji wa Kisauni. Ni mama wa makamo, mpole, na kweli alikuwa ameambiwa na jirani yake adai milioni nne safi. Nikamuuliza kama ana risiti za chochote alichofanya kwenye ile ploti. Akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti. Mlikuwa na risiti za matofali, saruji na fundi wa ule ukuta wa mbele, jumla karibu laki sita, za miaka tofauti, nyingine wino umefifia. Gharama ya kuendeleza mali hutolewa kwenye faida. Tukakokotoa mbele yake: milioni 4, toa 1.5 ya kununulia, toa laki sita za ukuta, faida ni milioni 1.9, kodi 285,000 badala ya 375,000. Alikuwa anaogopa kodi asiyoijua hesabu yake. Alipoiona imepungua kwa elfu tisini kwa risiti zake mwenyewe, alikubali iandikwe kwenye mkataba kwamba kodi ya faida ni yake na italipwa na wakili kutoka kwenye salio kabla ya yeye kupokea chochote.

Mpwa wangu akasaini. Mthamini alirudisha milioni 4.5, na ushuru ukawa 180,000. Ile 4,000 iliyobaki mkewe aliniletea mchele.